Magunia Mia Tisa

Mji mzima ulimwita Pima, na hata mkewe, siku akiwa na hasira, alimwita hivyo hivyo. Jina lenyewe alilipata kwa haki. Mtu huyu alipima kila kitu. Alipima sukari ya chai kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Alipima kitanda kabla ya kununua shuka, akarudi dukani akapima na shuka. Watu walisema alipokwenda kuposa alimpima mkwe wake kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni, na mkwe akauliza, "Vipi bwana, unanishonea suruali?" Hiyo ya mwisho nadhani wametia chumvi. Lakini sugu kubwa vidoleni mwake hazikuwa za uongo. Zilitokana na mwanzi wa kupimia kina cha maji, wenye mistari myekundu na myeupe, alioushika miaka minane kabla hajakabidhiwa usukani.

Alikuwa nahodha wa kivuko cha mizigo, chombo kirefu cha chuma chenye tumbo bapa, kinachofanana na sinia kubwa lililowekewa injini nyuma. Mbele kilikuwa na mlango mzito wa chuma unaoshushwa kwa winchi mpaka ukawa daraja la kupandia, na mabaharia waliuita ulimi. Kazi yake ilikuwa kushuka na mto kutoka bandari ya juu mpaka mjini kwao, saa tatu kwenda na saa tano kurudi, kwa kuwa kurudi ni kupambana na mkondo. Kwa miaka ishirini na miwili aliifanya kazi hiyo bila kukwama hata mara moja. Vijana wa gatini walimcheka kwa mwendo wake wa kinyonga. Yeye alijibu kwamba mchanga wa mto unahamahama kila masika, na anayejua ulipolala jana hajui utakapolala leo. Akishasema hivyo, alirudi kwenye namba zake.

Namba ndizo zilizokuwa maisha yake. Ubavuni mwa kivuko, mbele na nyuma, palikuwa na namba zilizochorwa kwa rangi nyeupe, zinazoonyesha chombo kimezama kiasi gani. Kabla ya kila safari alishuka gatini akainama kuzisoma, na kanuni yake ilikuwa moja: mbele pasizame kuliko nyuma. Kivuko kinachoinamisha pua ni kigumu kukiongoza, na kikigusa mchanga hugusa kwa pua, kikang'ang'ania. Kwa hiyo mizigo mizito aliipanga nyuma, na wachukuzi walimlaani, maana kupakua kutoka nyuma ni kutembea mita ishirini zaidi na gunia mgongoni.

Mwaka ule mvua zilifanya zilichokitaka. Daraja la barabara kuu lilisombwa, na mji ukabaki na njia moja tu ya kupata chakula, nayo ni Pima. Kisha moja ya injini mbili za kivuko nayo ikaharibika, ikashushwa, ikafunguliwa na kufungwa tena, na siku tisa zikapita. Mkewe ndiye aliyekuwa na tanuri kubwa la mikate pale mjini. Watu walimwita Mama Mikate. Siku ya tano tanuri lilizimwa. Siku ya saba shule ilifungwa, kwa sababu watoto walikuwa wanalala madarasani na hakuna mwalimu aliyekuwa na moyo wa kuwaamsha. Siku ya nane Mama Mikate alimpigia mumewe simu huko bandari ya juu.

"Baba watoto, nisikilize. Unga uweke mlangoni, pale mbele kabisa. Mkifika tu tuuchukue. Watu hawatangoja wachukuzi watoe maharage kwanza. Watakanyagana."

"Mbele patazama," alisema Pima.

"Patazama kiasi gani?"

"Vidole vitano hivi. Zaidi ya nyuma."

"Vidole vitano!" Mama Mikate hakupandisha sauti, na hilo lilimwuma Pima kuliko kelele. "Mume wangu, jana nimempa mama yako uji wa vijiko viwili. Nihesabie hivyo vidole ukifika."

Basi, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili, alikubali. Magunia elfu moja na mia mbili ya unga wa ngano, kila moja kilo hamsini, yalipangwa nusu ya mbele, na mchele na maharage yakabanwa nyuma karibu na chumba cha injini. Akasoma namba. Nyuma mita moja na nusu, mbele moja na nukta sita. Hakuzipenda hata kidogo. Aliondoka saa tatu kasoro asubuhi pamoja na mabaharia sita na wachukuzi kumi, mto ukiwa mwekundu na umejaa magogo.

Ilipofika saa nne kasoro, zikiwa zimebaki saa mbili kamili kufika mjini, mkuu wa mabaharia alinyoosha kidole. Huyu alikuwa pande la mtu asiyesema sana, na wenzake walimwita Kamba.

"Nahodha. Watu hao."

Katikati ya mto palikuwa na fungu la mchanga, refu, jembamba, limebaki kama mgongo wa kiatu juu ya maji. Juu yake walisimama watu wamesongamana. Upande wa juu wa fungu, mashua ya abiria ilikuwa imelala ubavu, gogo limeitoboa na mkondo unaendelea kuimega. Pima alitwaa darubini, akafanya lile alilolifanya siku zote: akahesabu. Sitini na wawili. Akahesabu tena, watoto akiwahesabu peke yao. Kumi na tisa.

Hakusimamisha chombo. Alikipitisha taratibu kando ya fungu, akashuka chini yake, kisha akakigeuza kwa duara pana mpaka pua ikatazama kule mkondo unakotoka. Watu wa fungu walipoona kivuko kinawapita, walipiga kelele ambayo Kamba alisema baadaye kwamba hataki kuisikia tena maishani. Lakini Pima alijua anachofanya. Ukilifuata fungu kutoka juu, mkondo unakusukuma kulipanda, na huondoki tena. Ukilifuata kutoka chini, nyuma ya fungu maji yametulia kidogo, usukani unashika, na ukigusa, mto wenyewe unakusukuma kutoka. Akatia nanga mita mia moja chini ya mkia wa fungu, akaacha injini zote mbili zikinguruma polepole.

Kisha alimtuma baharia mmoja kwa mtumbwi mdogo wa kivuko, akiwa amefungwa kamba, akachomeke kijiti ukingoni mwa mchanga. Robo saa Pima alikitazama kijiti kile kwa darubini. Wachukuzi walikaribia kumpiga.

"Yule anatazama nini?" mmoja wao aliuliza. "Watu wanakufa, yeye anatazama kijiti?"

Maji yalipanda vidole vinne.

Basi hapo akajua kila kitu, na heri asingejua. Sehemu ya juu kabisa ya fungu ilikuwa juu ya maji kwa kimo cha goti. Vidole vinne kila robo saa: baada ya saa moja na nusu maji yangekuwa yamelifunika, na mchanga ukishafunikwa huyeyuka chini ya nyayo. Mtumbwi mdogo ulichukua watu watano, kwenda na kurudi dakika ishirini. Hiyo ni saa nne. Kwenda mjini, kushusha mizigo na kurudi ni zaidi ya hapo. Akaita bandari kwa redio. Boti ya uokoaji ingefika baada ya saa tatu.

"Umebeba chakula cha watu elfu kumi na moja," alisema mkubwa wa bandari, na sauti yake haikuwa ya ubaya, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Peleka mzigo, Nahodha. Boti inakuja. Ukikwama hapo na kivuko chenyewe, mji unakula nini?"

"Boti itakuta maji tu," alisema Pima.

"Hujui hilo."

"Nimepima."

Mkubwa akasema kwamba nahodha ndiye mwenye chombo chake, na yeye hatatia neno. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya, wanakurudishia usukani uchome mikono yako mwenyewe.

Tatizo lilikuwa pua. Mkia wa fungu uliteremka polepole sana majini, hatua nyingi mpaka kufikia kina cha mtu. Mbele pa kivuko palizama mita moja na nukta sita, kwa hiyo kingegusa mchanga mbali, karibu hatua hamsini kutoka pakavu, mahali maji yanapita vichwa vya watu wengi, na mkondo juu yake. Ili abiria wafike kwa miguu, pua ilibidi ipande zaidi ya nusu mita. Nusu mita, jamani, ya chuma na ngano!

Kamba alisema wauhamishie unga nyuma. Pima alitikisa kichwa. Nyuma palijaa, labda yangeingia magunia mia mbili. Ukiyarundika mengine juu ya mchele, kivuko kinakuwa kizito kichwani, na wimbi moja la gogo linakilaza ubavu na kila aliyemo. Alijaza tangi la maji la nyuma ili nyuma pazame na mbele painuke. Alihamisha yale mia mbili. Kisha akakaa juu ya gunia, akatoa kipande cha penseli, akafanya hesabu kwenye kiganja cha mkono. Alikuwa anamwona mama yake na vile vijiko viwili.

"Tunatupa," alisema.

"Kiasi gani?" Kamba aliuliza.

"Wote wa mbele, tusipowahi. Tukiwahi, pungufu."

Mchukuzi mmoja mzee akaketi chini palepale. "Nahodha, mimi nina watoto mjini kule. Mimi nitupe kwa mkono gani?"

"Nami nina mama na mke kule," alisema Pima. "Sikulazimishi. Kaa hapo. Lakini usimzuie mwenzako."

Yule mzee alikaa kwa muda wa kuvuta pumzi kama kumi hivi, akamtukana Pima tusi ambalo siliandiki, kisha akainuka akashika gunia la kwanza.

Kabla hilo gunia halijaanguka, Pima aliita gati ya mji kwa redio. Karani wa gati hakupata nafasi ya kusema, maana Mama Mikate alikuwa pale tangu asubuhi na alimpokonya kipaza sauti.

"Mko wapi?"

Pima alimweleza kwa maneno machache. Watu sitini na wawili. Maji. Unga.

"Unatupa nini?" mkewe aliuliza. "Ngano au mchele?"

"Ngano."

"Afadhali."

Walielewana bila maneno zaidi. Mchele huenda chini kama mawe. Lakini gunia la unga wa ngano huelea kwa muda, na maji yakiingia, unga wa nje hugeuka kinyunga, kinyunga kinaziba, na ndani panabaki pakavu. Mama Mikate aliwahi kupasua gunia lililolala majini usiku kucha chini ya gati, akakuta ganda la unene wa kidole gumba na katikati unga mweupe safi. Tatizo ni kwamba kuelea nako kuna mwisho, na kutoka pale mpaka mjini ni safari ya saa mbili kwa mwendo wa maji.

"Wekeni mitumbwi na nyavu pale mto unapokata kona," alisema Pima. "Mkondo unabana ukingo wa kwetu. Sijui yatafika mangapi."

"Hukupima?" alisema mkewe, na Pima hakujua kama ule ni utani au ni kilio. Kisha redio ikazimwa.

Walitupa wawili wawili. Kila gunia la kulia lilikwenda na gunia la kushoto, ili kivuko kisiinamie upande mmoja, na Kamba alisimama katikati akihesabu kwa sauti: "Hamsini na hamsini! Sitini na sitini!" Hakuna aliyeimba. Wachukuzi ni watu wa nyimbo, hata wakibeba saruji huimba, lakini siku ile ilisikika miguu tu, pumzi, na unga ukidondoka majini kwa kishindo kizito. Mto ukaanza kupata doa jeupe, likachanika, likashuka na maji. Magunia yalikwenda yakibingirika polepole, mgongo juu, tumbo juu.

Pima alikuwa nje ya ukingo, ameshikilia ngazi ya kamba, macho kwenye namba za mbele. Moja na nusu. Moja na nukta nne. Na kila robo saa alitazama kijiti. Hapo ndipo ule upimaji wake waliokuwa wakiucheka ulipofanya kazi, maana mto uliokuwa unawaua wale watu ulikuwa pia unamsaidia yeye. Kila vidole vinne vya maji vilivyopanda vilikuwa vidole vinne ambavyo hakuhitaji kuvinunua kwa unga. Alipunguza hapa, akaongeza pale, akafuta kiganja, akaandika upya.

"Mia nne na hamsini kila upande!" aliita Kamba. "Jumla mia tisa!"

"Simameni!"

Hawakusimama. Watu wakishaanza kazi mbaya hutaka kuimaliza.

"Simameni, nasema! Basi! Inatosha!" Pima alipanda akamshika mchukuzi mkono, gunia likiwa limeshapanda ukingoni. Alilivuta kwa nguvu mpaka wote wawili wakaanguka nalo chini. "Hili ni la mji. Haya mia tatu yote ni ya mji. Mtu asiguse."

Akang'oa nanga. Kivuko kilisogea kwa mwendo wa mtu anayenyata, pua imeinuka, na pale mbele kabisa baharia alisimama na mwanzi wa mistari. "Moja na nusu! Moja na robo! Moja na robo! Moja!" Kisha pakasikika msuguano mrefu, laini, na kivuko kikatulia. Pima aliacha injini zisukume mbele kidogo tu, kiasi cha kukishikilia pale. Ulimi ukashuka. Kati ya ncha yake na mchanga palikuwa na hatua kumi na tano za maji ya kiunoni.

Kamba na mwenzake walivuka na kamba nene, wakaifunga kwenye nanga ya ile mashua iliyovunjika, ambayo mwenye mashua mwenyewe alikuwa ameizika mchangani. Watu wakaanza kuja, mkono mmoja kwenye kamba, watoto mabegani. Maji yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu ya waliobaki.

Kosa la mtu aliyeokoka ni moja: akishakanyaga chuma, anasimama. Anataka kushukuru, anataka kutazama nyuma alikotoka, anataka kulia. Watu sitini wakisimama kwenye ulimi ni tani nne juu ya pua, na pua inazama tena mchangani. Kwa hiyo Pima alikuwa akipiga kelele dirishani, yeye ambaye hapigi kelele: "Nyuma! Nyuma moja kwa moja! Mama, utalia ukifika nyuma! Tembea!"

Wa karibu na mwisho alikuwa fundi cherehani mmoja, mzee mwembamba, amebeba kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake. Katikati ya maji aliteleza, akazama mpaka kidevuni, cherehani ikabaki juu. Baharia akamwambia aiachie.

"Siiachi."

"Mzee, tumetupa chakula cha mji mzima sisi!"

"Mimi sikuwaambia mtupe," alisema mzee, na meno yalikuwa yakigongana. "Nishike mkono."

Baharia alimtazama Pima kule juu. Pima aliipima cherehani kwa macho. "Kilo kumi na tano," alisema. "Mlete nayo."

Mwenye mashua alikuja wa mwisho, maji yakiwa magotini pake mahali ambapo asubuhi palikuwa pakavu. Pima alirudisha injini kinyume, mkondo ukakisukuma kivuko kwa pua, nacho kikaachia mchanga kwa urahisi kama kijiko kinachotoka kwenye uji. Alitazama saa. Saa sita kasoro dakika kumi. Alipotazama tena kule nyuma, kile kijiti hakikuonekana, na muda si mrefu hata fungu halikuonekana.

Njia nzima alikuwa akihesabu magunia wanayoyapita, yaliyokwama kwenye matete, yaliyopasuka, yanayozama huku yakitoa mapovu. Alifika mia moja na arobaini akaacha.

Gatini watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Walikuwa wameshaona, bila shaka. Saa nzima walikuwa wakipigania magunia na mto, mitumbwi yote nje, wanaume ndani ya maji mpaka mabegani. Walikuwa wameopoa mia mbili na kumi na moja. Mengine waliyaona yakipita katikati ya mto, mbali, hawana la kufanya. Hebu fikiria mwenyewe: una njaa ya siku tisa, na chakula chako kinakupita mbele ya macho. Kwa hiyo ulimi uliposhuka, watu walisogea mbele. Walitegemea magunia, na badala yake wakashuka watu sitini na wawili wamelowa, wanatetemeka, hawana hata viatu.

Fundi viatu wa mtaa wa gatini ndiye aliyesema. Mtu mwenye mdomo mkali, na siku hiyo mashavu yake yalikuwa yamebonyea. "Nahodha! Siku tisa tumesubiri chakula, wewe umetuletea walaji?"

Watu wengine waliitikia. Pima alisimama kwenye ngazi na kofia mkononi.

Nyumbani Mama Mikate alimpa maji ya kuoga, akakaa kwenye kiti cha jikoni mikono mapajani. "Ningekuwa mimi ningefanya vile vile," alisema. "Usidhani sijui. Lakini nina hasira na wewe, na nina hasira na mimi niliyekuambia uweke unga mbele. Ungekuwa nyuma ungetupa mangapi?"

"Mia sita. Labda pungufu."

"Basi mia tatu ni yangu," alisema, akajifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Pima alikaa sakafuni karibu na miguu yake, na yeye akalia. Mama yake, mle chumbani, aliuliza kama kuna msiba.

Kivuko hakikuweza kurudi juu dhidi ya mafuriko. Mji ulikaa siku nane zaidi kwa kipimo: robo mkate kwa kichwa, wali kidogo, maharage kwa kikombe. Hakuna aliyekufa, lakini wapo walioanguka njiani, na mjamzito mmoja alijifungua kabla ya siku zake, mtoto mdogo kama paka. Mwanamke mwenye duka la sabuni hakumsalimu Pima tangu siku ile, na hamsalimu mpaka leo. Anapopita, anageuza uso. Pima anasema ana haki. Wale abiria walilazwa shuleni, kwenye mikeka, na sehemu yao ya mkate ilipelekwa huko kwa karai, kando na ya wenyeji, kwa sababu watu wa mji walisema wazi kwamba hawataki kuchanganywa nao kwenye foleni.

Siku hizo, kwa kuwa kivuko kilikuwa kimefungwa gatini, Pima alifanya kazi kwa mkewe. Alikaa chumba cha nyuma cha tanuri na yale magunia yaliyoopolewa, akipasua ganda kwa patasi na nyundo, akichota unga wa ndani kwa bakuli, akitupa kilichochacha. Mkate wa unga ule ulikuwa na harufu ya mto. Hakuna aliyelalamika kuhusu harufu.

Siku ya nne alimsikia fundi viatu kwenye dirisha la kugawia mkate. Sauti ile asingeisahau, akaacha kugonga.

"Tisa," alisema fundi viatu.

"Kwako ni watano," Mama Mikate alijibu. "Nimeandika. Wewe, mkeo, watoto watatu."

"Tisa, nakwambia."

"Ndugu yangu, kila mtu angependa kuwa tisa."

"Kuna mama na wanawe wawili, na yule kikongwe mwenye cherehani. Usiku mvua iliwanyeshea pale shuleni, bati linavuja. Wamelala kwangu."

"Ah. Hao ni wageni, mkate wao unapelekwa shuleni kwa karai."

"Nani amekuambia ni wageni?" Fundi viatu alipandisha sauti mpaka foleni yote ikageuka. "Wamelala kwangu! Wako ndani ya nyumba yangu! Andika tisa, na kesho andika tisa, na usinitazame hivyo, Mama Mikate, sijaja hapa kutazamwa."

Mama Mikate aliandika tisa.

"Pima!" mkewe aliita. "Lete vipande tisa."

Pima alifuta uso kwa kiwiko, akavipanga kwenye sinia, akavipeleka mwenyewe mpaka dirishani. Fundi viatu alimwona, akatazama chini, hakumsalimu. Alivihesabu vipande kimoja kimoja kwa kidole, mpaka cha tisa, akavifunga kwenye kitambaa, akaenda navyo nyumbani haraka kabla havijapoa.